Nyimbo zetu mpaka Desemba

Baba Joel mambo, najua utaamka ukute hii meseji ndefu useme huyu mwanamke ameanza tena, we soma tu pole pole ukiwa unakunywa chai yako. Joel yuko poa, kikohozi kimeisha, amelala ameshika ile jezi yako ya blu, sijui ina harufu gani mpaka leo maana nimeifua mara kumi.

Sasa sikiza. Nimetupangia nyimbo. Tutasikiza saa 3 usiku ya hapa Busia, kwako huko Toronto ni saa 7 mchana, usiniletee tena ile ya saa 8, mmesharudisha saa nyuma huko kwenu ndio maana Jumapili nilikaa na simu mkononi kama mjinga. Na tusipige simu halafu tucheze wimbo kwenye simu, inakwama kwama, wewe uko kwenye kiitikio mimi bado niko mwanzo. Kila mtu aweke kwake, mimi nitaandika "moja mbili tatu", ukiona tatu bonyeza.

Ya kwanza ni Usiende Mbali, ya Juliana wetu na Bushoke wa Tanzania. Wewe unajua kwa nini. Ile basi ya Kampala, tumefika Namawojjolo watu wa kuku wamejaa dirishani, wewe unanunua gonja huku mkono mmoja umenishikia chenji, na dereva ameweka huo wimbo sauti juu, wewe ukauimba wote kwa sauti mbaya sana mama wa mbele akageuka. Mimi sikuwa nimekupenda bado, nilikupenda tulipofika Mabira hivi, ulipolala mdomo wazi. Basi sehemu ya Bushoke ni yako, ya Juliana ni yangu, usiniibie.

Ya pili Nitarejea, Diamond na Hawa. Hii siku za kwanza ulipoondoka nilikuwa naizima redio ikianza, sitanii, ni mwanaume anaaga anaenda kutafuta pesa na mke anabaki nyumbani, sasa mtu anasikizaje hiyo wakati suti kesi yako imetoka mlangoni wiki iliyopita? Lakini siku hizi naipenda, maana jina lenyewe ni ahadi. Nataka uniimbie wewe, rekodi unitumie, hata kama uko kazini kwenye maboksi, wenzako wa huko hawaelewi Kiswahili watafikiri unasali.

Halafu Malaika, lakini sio ile ya kila harusi, tafuta ile Miriam Makeba ameimba na Harry Belafonte, ya 1965. Kijana anampenda msichana ila hana pesa ya kuoa, si ndio stori yetu, na wewe ungekuwa na pesa za mahari wakati ule mzee wangu asingekuzungusha miaka miwili. Na Makeba mwenyewe alikaa nje ya Afrika Kusini karibu miaka 30, walimkataza kurudi kwao, alirudi 1990. Nikikumbuka hiyo naona miezi yetu 14 ni kidogo, halafu naangalia kitanda naona si kidogo hata kidogo.

Tusilie sana lakini. Ya nne ni Sura Yako ya Sauti Sol, hiyo tunasimama na kucheza Lipala, wewe huko kwenye chumba chako na soksi zako mbili mbili, mimi hapa sebuleni. Nimechoka kuona sura yako kwenye kioo cha simu, mtandao wenyewe ukishuka unabaki pua tu.

Ya mwisho usiiguse mpaka tarehe 1 Desemba, ni Krismasi za Philly Lutaaya. Hapa unajua Desemba haijafika mpaka redio imlete Lutaaya, na yeye aliishi Sweden huko kwa theluji kama wewe lakini ukimsikia unasikia nyumbani kabisa. Sikiza moja kila siku ukirudi kazini, mimi pia, mpaka tarehe 18. Nimeongea na yule jirani wa gari, tutalala Kampala kwa dada tarehe 17 ili asubuhi tuwe Entebbe mapema, jamu ya pale mjini siiamini. Joel anataka kubeba bango, nimemwambia aandike jina lako vizuri maana juzi ameandika BABA JOWEL.

Ndege ikishuka usiwashe simu kutafuta wimbo, tutakuwa nje hapo kwenye mlango wa wanaofika. Gari nimeshaambia liweke Usiende Mbali, na safari hii ukikosea sehemu yako nitakushusha Mukono.

Haya bando linaisha. Saa 3, usichelewe.