Muhtasari wa ripoti ya Nyiragongo, kurasa 1 hadi 6 tu

Jambo sana, Papa Shefu wa kartie. Ripoti inakumbusha kwamba lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na ile ya Mei 2021 ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Sehemu nzito zaidi ni ya mazuku: gesi isiyoonekana, nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni na kuua watu na mifugo. Inataka mabonde hayo yawekewe alama. Kisha inaanza, "Njia za kukimbilia ni", na hapo ukurasa wa 6 unakatika. Njia zenyewe sikupewa, wala sitazikisia; ni maisha ya watu. Naomba tusitangaze njia yoyote mpaka kurasa zilizobaki zifike.