Tangazo la redio, sekunde 55: Bati za mama

(Sauti: ungo unapepetwa, jogoo kwa mbali. Simu inaita.)

BINTI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Maskati kwema?

BINTI: Kwema. Fundi kasema bati ngapi?

MAMA: 22, geji 30. Na misumari. Lakini usijibane, mvua zenyewe bado.

BINTI: Mawingu ya Tanga nayajua, mama. Tazama simu.

(Mlio wa ujumbe.)

MAMA: Eh! Imeshaingia? Ya mwezi uliopita si tulimsubiri mgeni ashuke na bahasha?

MSIMULIZI: Tuma riali ukiwa Omani, mzazi apokee shilingi kwenye simu yake, M-Pesa au Airtel Money. Kabla hujathibitisha, unaonyeshwa ada, kiwango cha kubadilishia na kiasi kamili kitakachofika. Jina liandike kama lilivyo kwenye usajili wa laini. "Mama Mdogo" wewe unamjua, mfumo haumjui. Pakua programu yetu, jisajili kwa kitambulisho chako cha ukaazi.

MAMA: Na ya kutolea kwa wakala umeweka?

BINTI: Nimeweka, mama.

MAMA: Basi kata, nimpigie fundi.

(Ungo unaendelea.)