Bei ya kuwahi imefunguliwa: sh. 120,000 mpaka Ijumaa, 31 Julai 2026

Wafanyabiashara, tiketi zimeanza kuuzwa leo!

Kongamano letu la biashara ni Alhamisi na Ijumaa, tarehe 22 na 23 Oktoba 2026, kuanzia saa 2:30 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Ukilipa kabla Julai haijaisha, siku zote mbili ni sh. 120,000. Atakayelipia mlangoni atakaa kiti kama chako na kupewa daftari kama lako, ila kwa sh. 220,000. Hiyo ni laki nzima, na tungependa ibaki kwenye mtaji wako.

BEI KWA MTU MMOJA, SIKU ZOTE MBILI

Bei ya kuwahi: sh. 120,000, kuanzia leo hadi Ijumaa 31 Julai, saa 5:59 usiku
Bei ya kawaida: sh. 160,000, kuanzia 1 Agosti hadi Jumatano 30 Septemba
Bei ya mwisho: sh. 190,000, kuanzia 1 Oktoba hadi Jumatatu 19 Oktoba
Mlangoni: sh. 220,000, endapo viti vitakuwa vimebaki
Kikundi cha watu 5 au zaidi: sh. 100,000 kila mmoja, mpaka 31 Julai tu, mkilipa kwa mkupuo
Mwanafunzi: sh. 60,000 bila kupanda, viti 40 tu, kitambulisho kitaangaliwa mlangoni
Meza ya maonyesho, pamoja na tiketi 2: sh. 350,000 hadi 31 Julai, kisha sh. 450,000

Bei inajumuisha chai ya asubuhi, chakula cha mchana, daftari na vielelezo vya mada zote. Usafiri na malazi ni juu yako.

Tafadhali soma hapa kwa makini. Saa 5:59 usiku ni ya Ijumaa hiyohiyo, dakika moja kabla ya Jumamosi kuingia. Kinachohesabiwa ni muda ambao pesa imetufikia. Kujaza fomu peke yake hakukushikii bei. Malipo ya simu huingia papo hapo. Ya benki huweza kuchukua siku ya kazi nzima au zaidi, kwa hiyo anayetumia benki alipe mwisho Jumatano tarehe 29, asije akaukosa unafuu huu kwa sababu ya foleni ya benki.

Tarehe haitasogezwa. Tunalisema mapema kwa sababu wengi wamezoea kuona "muda umeongezwa" siku ya mwisho. Bei hii ipo kwa sababu ukumbi unadai kianzio mwezi wa nane, na mpishi anataka idadi ya watu kabla hajatupa bei yake. Wanaolipa Julai ndio wanaotuwezesha kulipa kianzio bila kukopa, na punguzo ni shukrani yetu kwao. Tukiongeza muda, tutakuwa tumemwonea aliyejibana akalipa kwa wakati.

Sasa, unakuja kupata nini?

Siku ya kwanza ni ya fedha, na tunaanza na bei. Chukua bidhaa uliyoinunua sh. 8,000 na kuiuza sh. 10,000. Faida ni sh. 2,000. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 10, unaona ni kidogo, unampa. Lakini asilimia 10 ya bei ni sh. 1,000, yaani umeachia nusu ya faida yako. Ili upate faida uliyokuwa ukiipata, sasa inabidi uuze mara mbili. Hesabu hii ni ya dakika moja, na ni duka ngapi zimekuwa na wateja tele huku mwenye duka hajui pesa inapotelea wapi? Tutakaa nayo asubuhi nzima, na kila mtu atapiga hesabu ya bidhaa zake mwenyewe. Njoo na orodha ya bidhaa 5 unazouza zaidi, bei ya kununulia na ya kuuzia.

Mchana tunaingia kwenye mauzo ya mkopo. Mnunuzi mkubwa anakulipa baada ya siku 60, msambazaji wako anataka chake ndani ya siku 30. Kwenye vitabu una faida, mfukoni huna hata nauli ya kusafirisha oda inayofuata. Tutaonyesha namna ya kupanga mzunguko wa fedha wiki kwa wiki kwenye karatasi moja, na namna ya kudai deni bila kuvunja uhusiano na mteja.

Siku ya pili ni ya mikataba na uagizaji wa mizigo. Kwa wanaoagiza kutoka nje, mada hii peke yake inatosha kurudisha gharama ya tiketi. Tutapitia Incoterms 2020, yaani masharti ya kimataifa ya nani analipia nini na nani anabeba hatari ya mzigo, ambayo yako 11, na tutakaa zaidi kwenye FOB, ambapo mnunuzi ndiye hulipia meli, na CIF, ambapo muuzaji hulipia meli na bima. Wengi huamini kwamba kwenye CIF mzigo ukiharibika baharini hasara ni ya muuzaji, kwa kuwa ndiye aliyelipa meli na bima. Sivyo. Hatari huhamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea, na madai ya bima utayafuata wewe. Heri ulijue hilo kabla ya kusaini.

Baada ya chakula cha siku ya pili kuna meza za ushauri: wahasibu, mawakili na maofisa mikopo, dakika 15 ana kwa ana. Nafasi hizi ni chache kuliko viti vya ukumbini, na wenye tiketi za kuwahi ndio watakaochagua saa zao kwanza. Kwetu sisi hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuwahi, kuliko hata punguzo.

Ukipata dharura: tunarudisha pesa yote ukitujulisha hadi 31 Agosti, na nusu hadi 30 Septemba. Kuanzia Oktoba haturudishi, ila unaweza kumwachia mwingine tiketi bila gharama hadi Ijumaa 16 Oktoba. Tutumie jina lake tu, tubadilishe.

Nyie wa vikundi vya kuweka na kukopa, au mnaofanya kazi ofisi moja: watu 5 ni sh. 500,000, badala ya 600,000 mkilipa mmoja mmoja. Mteueni mtu mmoja wa kukusanya na kulipa, kisha atuandikie majina yote. Kila mmoja atatumiwa tiketi yake.

Kununua: fungua kiungo kilicho kwenye wasifu wetu, chagua aina ya tiketi, jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, utapewa namba ya malipo. Ukishalipa, tiketi yenye msimbo wa QR inakuja kwenye simu na barua pepe. Hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo ni lile lililo kwenye bango letu. Hatupokei pesa kwa namba ya mtu binafsi, na hakuna wakala anayetuuzia. Ukipigiwa na mtu anayedai ana "tiketi za mwisho za bei ya kuwahi", kata simu, utuarifu.

Ukumbi na ramani ya kufika viko kwenye picha ya pili, ratiba kamili picha ya tatu. Mwenye swali aandike hapa chini, tunajibu kila siku hadi saa 3 usiku. Na wewe unayeuza au kuagiza, mtaje mwenzako mmoja ambaye mada ya FOB na CIF inamhusu, aione leo.