Samatta atambulishwa Aston Villa: yaliyothibitishwa na yaliyobaki tetesi

Jumanne, 21 Januari 2020

Kwa wasomaji wetu: habari hii ni toleo jipya la ile tuliyoichapisha jana usiku. Toleo la kwanza lilichanganya taarifa rasmi ya klabu, yaliyoripotiwa na vyombo vingine vya habari na matumaini yetu wenyewe, na yote tukayaandika kwa kauli moja ya uhakika. Lilisema kwamba Mbwana Samatta angeanza leo dhidi ya Watford, likataja mshahara wake, na likaeleza kuwa Simba itavuna mabilioni ya shilingi. Katika madai hayo matatu hakuna hata moja tulilokuwa na uthibitisho wake. Tunaomba radhi. Katika toleo hili tumeanza na yale yenye chanzo kinachoweza kutajwa. Yanayoripotiwa bila kuthibitishwa tumeyaweka chini ya kichwa chake, na maoni yetu yamesimama peke yake.

Yaliyothibitishwa

Aston Villa ya Birmingham ilitangaza jana, Jumatatu, kwamba imemsajili nahodha wa Taifa Stars, Mbwana Samatta, kutoka KRC Genk ya Ubelgiji kwa mkataba wa miaka minne na nusu. Tangazo hilo lina sharti ambalo toleo letu la kwanza liliruka: usajili utakamilika baada ya mchezaji kupata kibali cha kazi na hati ya kimataifa ya uhamisho. Kwa hiyo ni sahihi kusema kwamba Villa imemtangaza Samatta, na kwamba pande husika zimekubaliana. Si sahihi bado kusema kwamba anaruhusiwa kucheza.

Samatta, mwenye umri wa miaka 27, alijiunga na Genk Januari 2016 akitokea TP Mazembe ya Lubumbashi, ambako alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 na kuchaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Tarehe 5 Novemba mwaka jana aliifungia Genk kwa kichwa katika uwanja wa Anfield, katika mchezo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya ambao Liverpool ilishinda 2-1. Juni mwaka jana aliiongoza Taifa Stars nchini Misri katika fainali za Mataifa ya Afrika, ambazo Tanzania haikuwa imeshiriki tangu 1980, akafunga bao katika mchezo ambao Kenya ilishinda 3-2. Rekodi hizi zinaweza kukaguliwa na yeyote.

Imethibitishwa pia kwamba Villa inahitaji mshambuliaji. Mbrazili Wesley aliumia goti katika mchezo dhidi ya Burnley tarehe 1 Januari, na klabu ilitangaza kuwa msimu wake umekwisha. Tarehe 12 Januari Villa ilifungwa 6-1 na Manchester City katika uwanja wake wa nyumbani, na timu hiyo inapambana isishuke daraja. Dirisha la usajili la Januari nchini England litafungwa Ijumaa, tarehe 31.

Kwa nini kibali cha kazi si jambo dogo

Hapa ndipo kosa letu kubwa lilipotokea, na ndiyo sababu tunaomba nafasi ya kulieleza jambo hili kwa urefu kuliko ilivyozoeleka katika habari ya usajili.

Kwa kanuni zinazotumika sasa, mchezaji anayetoka nje ya nchi za Ulaya zenye uhuru wa raia wake kufanya kazi Uingereza lazima kwanza aidhinishwe na Chama cha Soka cha England, ndipo klabu iombe kibali serikalini. Idhini hiyo hutolewa moja kwa moja kwa mchezaji ambaye timu yake ya taifa ipo ndani ya nafasi 50 za juu katika orodha ya FIFA, na ambaye amecheza sehemu maalumu ya mechi za mashindano za timu hiyo katika miaka miwili iliyopita. Kwa nchi zilizo katika kumi bora inatosha awe amecheza asilimia 30 ya mechi hizo. Kwa zilizo kati ya nafasi ya 31 na 50 inatakiwa asilimia 75. Tanzania ipo mbali nje ya 50 hizo. Hata kama Samatta angekuwa amecheza kila dakika ya kila mchezo wa Taifa Stars, njia hii isingemfungukia.

Inayobaki ni njia ya pili, ya jopo maalumu la chama hicho linalopitia maombi ya wachezaji wasiotimiza kigezo cha kwanza. Jopo hutoa pointi kwa kuangalia mambo kama ukubwa wa ada ya uhamisho, kiwango cha mshahara, ubora wa ligi anakotoka mchezaji, na iwapo klabu yake ilicheza mashindano ya bara. Mchezaji aliyekuwa mfungaji mkuu wa bingwa wa Ubelgiji na aliyecheza Ligi ya Mabingwa Ulaya msimu huu ana hoja nzito za kuwasilisha, na ni vigumu kuamini kwamba klabu ingemtangaza hadharani bila kuwa na imani juu ya majibu. Hata hivyo, sentensi hiyo ya mwisho ni tathmini yetu, wala haitokani na jopo, na hadi tunachapisha toleo hili hatujaona tangazo la kuwa kibali kimetolewa.

Hati ya kimataifa ni hatua nyingine. Chama cha soka cha Ubelgiji huitoa kwa chama cha England kupitia mfumo wa FIFA wa uhamisho, TMS, baada ya klabu zote mbili kuingiza taarifa zinazolingana. Kwa kawaida haichukui muda mrefu, lakini bila hati hiyo mchezaji hawezi kusajiliwa kwa ajili ya mechi.

Msomaji ataona sasa kwa nini tumeufuta mstari uliosema Samatta angeivaa Watford leo. Mtu aliyetangazwa Jumatatu chini ya masharti mawili hawezi kuandikwa kuwa ataanza Jumanne, kwa kuwa tu sisi tunatamani kumwona.

Yanayoripotiwa lakini hayajathibitishwa

Ada ya uhamisho. Vyombo vya habari vya Uingereza vimetaja pauni milioni 8.5. Taarifa ya Villa haikutaja kiasi. Tunaitumia takwimu hiyo kama makadirio ya vyombo hivyo, na kila mahali itakapojitokeza katika kurasa zetu itaandamana na neno "inaripotiwa", hadi klabu mojawapo itakapoitamka au hesabu zake zitakapochapishwa.

Mshahara. Tumeiondoa takwimu tuliyoitaja jana. Tulipoifuatilia ilikoanzia, tulifika kwenye akaunti ya mtandaoni isiyo na jina la mtu wala chanzo, iliyokuwa imenakiliwa na kurasa nyingine kadhaa. Kurudiwa mara nyingi kuliifanya ionekane kama habari yenye vyanzo vingi, ilhali chanzo kilikuwa kimoja, nacho hakijulikani. Haistahili kuandikwa hata kama tetesi.

Mchezo wake wa kwanza. Inasemwa kwamba anaweza kucheza Jumanne ijayo, tarehe 28 Januari, Villa itakapoikaribisha Leicester City katika marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Carabao. Mchezo wa kwanza uliisha kwa sare ya 1-1. Hilo linawezekana kwa kalenda, lakini linategemea kibali, hati na uamuzi wa kocha Dean Smith. Akiingia uwanjani katika mechi ya ligi, atakuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tutaliandika hilo kama tukio siku litakapotokea.

Fedha za Simba

Dai la mabilioni kwa Simba limesambaa sana tangu jana, na sisi ni miongoni mwa waliolisambaza. Msingi wake ni wa kweli. Kilichopotoka ni ukubwa wake.

Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya msimu alipotimiza miaka 12 na ule alipotimiza 23. Huu ndio mchango wa mshikamano. Misimu minne ya mwanzo hupata asilimia 0.25 ya ada kila mmoja, na misimu minane inayofuata asilimia 0.5 kila mmoja. Fidia ya malezi, ambayo baadhi ya watu wameichanganya na mchango huu, haihusiki hapa kwa sababu Samatta ameshapita umri wake.

Samatta alizaliwa Desemba 1992 na aliichezea Simba katika msimu wa 2010/11, kabla ya kwenda Mazembe mwaka 2011. Tukichukulia kwamba ada inayoripotiwa ni sahihi, na kwamba Simba inahesabiwa msimu mmoja kamili, sehemu yake ni asilimia 0.5 ya pauni milioni 8.5, yaani pauni 42,500. Kwa takriban shilingi 3,000 kwa pauni, hiyo ni kama shilingi milioni 127. Ni fedha za maana kwa klabu yoyote nchini, lakini hazifiki hata robo ya bilioni. Fungu kubwa zaidi litakwenda Mazembe, iliyokuwa naye kwa misimu minne kamili na sehemu ya wa tano, na hata hilo halifiki asilimia 2.5 ya ada. Hesabu kamili hufanywa kwa kufuata tarehe zilizoandikwa katika pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu rasmi ya klabu alizosajiliwa, hivyo ada ikibadilika au tarehe zikitofautiana, kiasi hiki nacho kitabadilika. Klabu nyingine za Dar es Salaam zilizomlea akiwa kijana nazo zina haki yake ndogo, na zinapaswa kuidai kwa nyaraka mapema.

Maoni yetu

Tunaamini Villa imemchagua mtu sahihi. Samatta hufunga kwa kichwa na kwa miguu yote miwili, hukimbia nyuma ya mabeki bila kuchoka, na amezoea kubeba lawama na matumaini ya timu nzima, jambo ambalo timu inayopigania kubaki daraja inalihitaji. Wasiwasi wetu ni muda: anaingia katikati ya msimu, kwenye timu isiyojiamini, bila maandalizi ya pamoja na wenzake. Haya ni maoni, na msomaji ana haki ya kuyakataa.

Habari hii itaongezewa taarifa pindi kibali kitakapotangazwa. Nyongeza hiyo itawekwa juu kabisa, ikiwa na saa na chanzo chake, na sentensi yoyote itakayobadilishwa itatajwa.