Taarifa ya mhazini kwa wachangiaji wa harusi

Kamati ya Harusi,
Uyole, Mbeya.
22 Juni 2025

Ndugu wachangiaji,

YAH: MAPATO, MATUMIZI NA SALIO LA HARUSI YA 12 JULAI 2025

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Hadi jana jioni, ahadi zilizoandikwa daftarini zilikuwa shilingi 9,850,000 kutoka kwa wachangiaji 74. Fedha iliyokwisha kupokelewa ni shilingi 7,215,000, yaani 3,975,000 kwa simu, 1,600,000 kupitia benki na 1,640,000 taslimu. Ndani yake zimo shilingi 50,000 zilizoingia kwa simu usiku wa tarehe 14 Juni zikiwa na ujumbe "ya mdogo wetu". Jina lililotokea halimo daftarini, hivyo namwomba aliyetuma anijulishe aliahidi kwa jina gani, asije akadaiwa fedha aliyokwisha kuitoa.

Matumizi yamefikia shilingi 4,416,500. Ukumbi umelipwa wote, 1,200,000, na kadi 225,000. Malipo ya awali yametolewa kwa mpishi 1,800,000, mapambo 500,000, mshereheshaji na muziki 350,000, na mpiga picha 300,000. Makato ya kutoa fedha kwenye simu yamekula 41,500, na ndiyo maana nawasihi wanaoweza kuleta mkononi wafanye hivyo. Stakabadhi zote ninazo, na yeyote anayetaka kuzikagua anakaribishwa.

Salio ni shilingi 2,798,500, kati yake 2,650,000 zikiwa benki na 148,500 mkononi mwangu.

Malipo yaliyosalia ni shilingi 4,100,000: mpishi 950,000, mapambo 400,000, mshereheshaji na muziki 350,000, picha 300,000, vinywaji 1,450,000, keki 250,000 na magari 400,000. Deni la mpishi lingekuwa kubwa zaidi, lakini ndugu yetu wa Kyela ametuletea gunia la mchele, kilo 100, naye mpishi akakubali kushusha bei yake kutoka 3,000,000 hadi 2,750,000. Kwenye vinywaji, kamati ilikwisha kupunguza kreti za soda na kuongeza chai ya maziwa, jambo ambalo kwa baridi hii ya kwetu sidhani kama kuna mgeni atakayelinung'unikia.

Kwa hesabu hiyo tunapungukiwa shilingi 1,301,500, ilhali ahadi ambazo hazijatimizwa ni shilingi 2,635,000, kwa hiyo hata nusu yake ikiingia pengo limezibika. Wapo 16 ambao hawajatoa chochote, na wengine wametoa sehemu. Nitampigia kila mmoja kwa faragha, kwa kuwa sioni sababu ya kuyaanika majina ya watu kwenye kundi. Tunaomba ahadi zikamilishwe kabla ya Ijumaa, 4 Julai, kwa sababu muuza vinywaji hatoi kreti hata moja kwa mkopo.

Kikao kijacho ni Jumapili, 29 Juni, saa 10 jioni, nyumbani kwa mwenyekiti.

Wenu katika maandalizi,

Mhazini,
Kamati ya Harusi