YAH: OMBI LA SHILINGI 6,400,000 ZA KOMPYUTA NNE

Kwa: Watumishi wote, Idara ya Maabara
Kutoka: Mkuu wa Idara

Ndugu zangu,

Ombi lenu la tarehe 3 Machi sijaliidhinisha. Kompyuta hazitanunuliwa mwaka huu wa fedha.

Fungu letu limebaki na shilingi 7,100,000 hadi Juni 30, na vitendanishi vya miezi hiyo vinahitaji 5,800,000. Tukinunua kompyuta, ifikapo Mei wagonjwa watarudishwa bila vipimo. Hilo siwezi kulikubali.

Hoja yenu ni ya kweli. Nimewaona mkinakili majibu kwa mkono hadi usiku. Shilingi 1,300,000 zinazosalia zitatengeneza zile kompyuta mbili mbovu mwezi huu. Mpya nitaziombea mimi mwenyewe katika bajeti itakayoanza Julai 1. Nileteeni ankara kifani kufikia Ijumaa.