Barua kwa Baba na Mama Nasra: mleteni mtoto hospitali sasa hivi

Langoni, Lamu
Saa saba u nusu mchana

Baba Nasra na Mama Nasra,

Assalaam alaykum. Mbebeni mtoto, shukeni pwani, mpande boti mje naye Hospitali ya King Fahd. Yaliyobaki mtayasoma njiani.

Kijana mliyemtuma kutoka Matondoni alikuja dukani akitaka dawa ya kuzuia kutapika. Sikumpa. Nilipomdadisi ndipo aliponieleza kwamba saa mbili asubuhi mdogo wa Nasra alifungua mfuko wa kliniki wa mamake, akavila vidonge vyekundu vya kuongeza damu akidhani ni peremende. Akatapika mara tatu, akaharisha, na tangu saa tano ametulia, amelala, na bibi yake anasema aachwe apumzike. Nimewapigia simu nyote wawili, hampatikani. Kwa hivyo naandika, na nahodha aliyemleta kijana amekubali kuwangoja.

Huko kulala ndiko kunakonitia hofu. Chuma kikiwa kingi tumboni, kwanza huchoma utumbo. Ndiyo matapishi na kuharisha kwa saa sita hivi za mwanzo. Baada ya hapo mara nyingi mtoto hutulia, na kila mtu husema alhamdulillahi, amepona. Lakini chuma kimeshapenya kwenye damu na kinaingia katika ini na moyo. Baadaye, mara nyingi kati ya saa 12 na 48 tangu ameze, damu hujaa asidi, presha huanguka, na ini huanza kufa. Tiba hufaa zaidi ikianza kabla ya hapo. Mwanenu yuko ndani ya saa hizo sasa.

Kijana anasema vimepungua vidonge 12. Vya kliniki huwa na miligramu 60 za chuma kila kimoja, kwa hivyo ni 720. Kama bado ana kilo 11 kama alivyosema, hiyo ni miligramu 65 kwa kila kilo ya mwili wake. Kuanzia 20 mtoto huugua. Kupita 60 maisha yake yamo hatarini. Huenda vingine alivitapika. Mimi nahesabu kama vyote vimo, nanyi hesabuni hivyo hivyo.

Msimpe maziwa, dafu wala maji ya chumvi, wala msimtie kidole kooni. Atachelewa tu, au atapaliwa. Hata ule mkaa wa dawa unaotumika kwa sumu nyingine haukishiki chuma. Botini mlazeni ubavu. Mwamsheni kila mara mwone kama anafungua macho na kuwatambua. Akitapika au kuharisha damu, au choo kikiwa cheusi, akipauka, mikono ikawa baridi, akihema mbiombio, akilegea asiamke au akipata degedege, nahodha apige simu hospitali ili mtukute gatini tayari. Lakini msingoje hata moja ya hizo ndipo mwondoke.

Njooni na kopo la vidonge, vilivyobaki vyote, na kitabu chake cha kliniki. Mpeni daktari karatasi hii. Huenda wakampiga picha ya eksirei, maana vidonge vya chuma wakati mwingine huonekana humo, wampime damu, wamtundikie maji. Iko dawa ya mshipani, desferioksamini, inayokikamata chuma na kukitoa kwa mkojo. Mkojo ukiwa na rangi ya wekundu-kahawia msishtuke. Wakisema mtoto apelekwe hospitali kubwa zaidi, kubalini papo hapo. Najua safari ya Mokowe hadi Mombasa ilivyo ndefu, na najua gharama. Hayo ya pesa tutazungumza baadaye.

Na akiruhusiwa kurudi nyumbani, mwangalieni kwa wiki kama nane. Utumbo uliochomwa huweza kufanya kovu na kuziba; akianza kutapika tena kila alapo, mrudisheni.

Mama Nasra, nakujua, najua sasa unajilaumu. Vidonge vile ulipewa kwa ajili yako na mimba yako, navyo hufanana kweli na peremende. Usiache kuvinywa kwa hofu ya leo. Utapewa vingine, na tutakutafutia kisanduku chenye kufuli. Mwambie bibi, kwa heshima zangu zote, kwamba mtoto huyu hapumziki, anaumwa.

Maji yamejaa, mtafika upesi. Namfungia mteja wa mwisho dawa yake, kisha nashuka gatini kuwangoja.

Mfamasia wenu